Mali Kauli kwa Maandishi: Vifungu Vinavyomfunga Mwenye Duka

Mali kauli ya zamani ilikuwa maneno na daftari. Mwenye duka la jumla akikuamini, alikupa mzigo, akaandika jina lako, ukaenda kuuza, ukarudi na fedha. Utaratibu huo bado upo Kariakoo na kwenye kila soko kubwa nchini. Lakini wasambazaji wenye magodauni na magari yao ya kupeleka mzigo hadi mlangoni, hasa wa sukari, unga, mafuta ya kula na sabuni, wanazidi kutaka karatasi. Afisa mauzo anafika dukani na mkataba wa kurasa kadhaa, mara nyingi kwa Kiingereza, anaonyesha kwa kidole mahali pa kuweka saini, na anasema gari litakuja Jumatatu.

Mwenye duka mpya huangalia mambo mawili tu: atapewa mzigo wa kiasi gani, na atalipa baada ya siku ngapi. Mengine huyaona ni maneno ya wanasheria. Makala haya yanapita katika mkataba wa namna hiyo kifungu kwa kifungu, kwa lugha ya dukani, na yatakaa zaidi kwenye vifungu vile ambavyo huleta hasara kimyakimya. Kwa maoni yangu, hatari kubwa ya mkataba huu haimo katika kifungu kimoja kibaya. Imo katika namna vifungu vitatu au vinne, kila kimoja kikionekana cha kawaida, vinavyoshikana mikono dhidi ya mtu aliyechelewa siku nne tu.

Ili hesabu ionekane, tuchukue mfano wa kutunga. Mwenye duka yuko Kihonda, Morogoro. Msambazaji ana godauni Dar es Salaam. Mkataba unampa mwenye duka kiwango cha mkopo cha shilingi 5,000,000, alipe ndani ya siku 30.

Kiwango na siku

Kifungu cha kiwango kinasema deni lako lote kwa wakati wowote lisizidi shilingi 5,000,000. Soma kwa makini kinachohesabiwa kuwa deni. Mikataba mingi inajumlisha ankara ambazo hujalipa na oda ulizoagiza ambazo bado hazijafika. Kama unadaiwa milioni 4 na umeagiza mzigo wa milioni 1 na nusu, umeshavuka kiwango hata kabla gari halijatoka godauni, na oda itazuiliwa. Karibu kila mara hufuata sentensi inayompa msambazaji haki ya kushusha au kufuta kiwango hicho wakati wowote. Hiyo ni haki yake ya kibiashara na si rahisi kumtoa hapo. Unachoweza kuomba ni kwamba mabadiliko yahusu oda mpya tu, na yasiguse mzigo uliokwisha kukubaliwa.

Kifungu cha siku ndicho kinachodanganya macho. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa lini? Zipo tarehe tatu zinazoweza kutumika: tarehe ya ankara, tarehe mzigo ulipofika, au mwisho wa mwezi ambamo ankara imeandikwa. Mkataba wa mfano wetu unasema tarehe ya ankara. Ankara imeandikwa tarehe 1 Machi. Gari limesubiri mizigo ya wateja wengine, limetoka tarehe 3, na limeshusha Kihonda tarehe 4. Siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 31 Machi. Siku 30 za kwenye karatasi zimekuwa 27 za kuuza, na siku tatu hizo zimepotea mikononi mwa msambazaji mwenyewe. Ni haki kabisa kuomba maneno yabadilishwe yasomeke “siku 30 tangu tarehe ya kupokea mzigo”. Afisa mauzo anayetaka mteja hukubali hili mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu halimgharimu fedha yoyote mezani.

Kisha linganisha siku hizo na mwendo wa bidhaa zako. Sukari na unga wa sembe duka la mtaani humaliza ndani ya wiki mbili. Sabuni ya unga, mafuta ya kujipaka na dawa za meno zinaweza kukaa miezi miwili kwenye rafu. Ukichukua kila kitu kwa mkopo wa siku 30, unalipia vitu vya rafu kwa fedha za sukari, yaani unatumia mtaji wa kununulia sukari ijayo. Mwenye duka mwenye busara huchukua kwa mkopo vitu vinavyokwenda haraka, na vinavyolala hununua taslimu, kidogo kidogo.

Mkopo nao una bei, hata pale mkataba usipotaja riba. Bei hiyo hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni tofauti ya bei: tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 ni shilingi 140,000 kwa taslimu na shilingi 143,000 kwa mali kauli. Ya pili ni punguzo la kulipa mapema. Kifungu kinaweza kusema anayelipa ndani ya siku 10 atapunguziwa asilimia 2. Katika mzigo wa shilingi 4,800,000, asilimia 2 ni shilingi 96,000. Kwa hiyo ukisubiri hadi siku ya 30, siku 20 za ziada umezinunua kwa shilingi 96,000. Wakati mwingine ni bei nzuri. Wakati mwingine ungekuwa na fedha za mauzo ndani ya droo, ukazilipa siku ya tisa na kubaki na punguzo hilo kama faida. Bila kukijua kifungu hiki, huwezi hata kufanya uamuzi huo.

Kuhusu bei zenyewe, tafuta sentensi moja: bei ni ya siku ya kuagiza au ya siku ya kupeleka mzigo? Sukari hubadilika bei ndani ya wiki. Omba bei ya siku oda ilipothibitishwa, au angalau haki ya kufuta oda ikiwa bei imepanda kabla gari halijatoka.

Saini ya usiku

Kifungu cha kupokea mzigo kinaonekana cha makuli na dereva, lakini ndicho kinachoamua nani atalipia mifuko iliyolowa. Maneno yake ya kawaida ni kwamba saini kwenye hati ya kupokelea ni uthibitisho kuwa bidhaa zimefika kamili na zikiwa katika hali nzuri, na kwamba lalamiko lolote liletwe kwa maandishi ndani ya saa 24 au 48.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania Bara, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kuridhisha ya kukagua bidhaa kabla hajahesabiwa kuwa amezikubali. Kifungu cha saa 24 kinaibana nafasi hiyo. Mzigo hufika saa moja usiku, dereva ana maduka mengine mawili ya kushushia, mwenye duka ana wateja dirishani, na saini inawekwa juu ya katoni ambayo hakuna aliyeifungua.

Dawa yake ni kalamu. Hesabu kwanza. Ukiona upungufu, andika juu ya nakala zote mbili za hati, yako na ya dereva: “mifuko 2 ya sukari imelowa, katoni 1 ya mafuta haipo”, kisha dereva aweke saini pembeni ya maneno hayo. Kama huna nafasi ya kufungua kila katoni, andika “idadi imehesabiwa, ndani hakujakaguliwa”. Piga picha kwa simu na uitume siku hiyo hiyo kwa namba au anwani iliyotajwa katika mkataba, maana lalamiko la mdomo kwa afisa mauzo mara nyingi halihesabiwi kuwa taarifa. Na kabla ya kuweka saini ya mkataba wenyewe, omba mambo mawili: kasoro isiyoonekana kwa nje, kama dumu linalovuja ndani ya katoni, iwe na siku saba, na msambazaji asilete bidhaa ambayo tarehe yake ya mwisho wa matumizi imebakiza muda mfupi kuliko mliokubaliana.

Mara nyingi, kurasa mbili mbele, kuna kifungu kinachokataza kukata. Kinasema mwenye duka atalipa ankara yote bila kupunguza chochote kwa sababu ya lalamiko au dai lolote. Maana yake, mifuko miwili ya sukari iliyolowa, yenye thamani ya shilingi 286,000, huruhusiwi kuitoa mwenyewe kwenye malipo. Unatakiwa kulipa yote na kusubiri msambazaji atoe hati ya kukupunguzia deni. Ukiikata mwenyewe, hata kama dai lako ni la kweli, kwenye vitabu vyake unaonekana mtu aliyelipa pungufu. Omba kifungu kiseme kwamba sehemu yenye mgogoro ulioandikwa kwenye hati ya kupokelea haitahesabiwa kuwa deni lililochelewa hadi mgogoro uamuliwe. Ni sentensi moja, na inafaa kuipigania.

Siku nne za kuchelewa

Turudi kwenye mfano. Mzigo wa tarehe 1 Machi ulikuwa wa shilingi 4,800,000. Hadi tarehe 31 Machi mwenye duka amelipa shilingi 3,200,000. Fedha za mwisho wa mwezi zimekawia, na shilingi 1,600,000 iliyobaki anailipa tarehe 4 Aprili. Anajiona amemaliza deni. Siku inayofuata anachukua mzigo wa pili wa shilingi 3,900,000, ambao siku yake ya mwisho ni tarehe 5 Mei.

Kifungu cha kuchelewa kinasema: deni lililopita tarehe litatozwa asilimia 5 kwa mwezi au sehemu ya mwezi. Maneno ya kuangalia ni “au sehemu ya mwezi”. Siku nne zinahesabiwa kama mwezi mzima. Asilimia 5 ya shilingi 1,600,000 ni shilingi 80,000. Tukikadiria kwamba faida ya mzigo wote ilikuwa asilimia 7, yaani shilingi 336,000, siku nne hizo zimekula karibu robo ya faida ya mwezi. Kama kifungu kingesema tozo ihesabiwe kwa siku, asilimia hiyo hiyo 5 ikigawanywa kwa siku 30, siku nne zingegharimu takriban shilingi 10,700.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 74, inasema pale mkataba unapotaja kiasi cha adhabu, aliyekosewa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi kilichotajwa. Maana yake mahakama haifungwi kumpa adhabu yote iliyoandikwa. Hiyo ni kinga ya kweli, lakini ni ya mtu aliyefika mahakamani. Mwenye duka anayetaka gari lije Jumatatu hulipa. Kwa hiyo mahali pa kupunguza adhabu ni kabla ya saini, kwa kuomba siku tatu au tano za uvumilivu na tozo ya kila siku badala ya mwezi mzima.

Sasa kinakuja kifungu ambacho karibu hakuna mwenye duka anayekisoma, cha mpangilio wa malipo. Kinasema kila fedha inayoingia itaanza kufuta adhabu, kisha gharama za kufuatilia deni, kisha deni la zamani kabisa. Bila kifungu hicho, sheria inampa mdaiwa nafasi ya kutaja malipo yake ni ya deni lipi. Kifungu kinaiondoa nafasi hiyo. Shilingi 1,600,000 ya tarehe 4 Aprili haikwenda yote kwenye ankara ya Machi. Shilingi 80,000 ya kwanza imefuta adhabu, na iliyobaki ndiyo imeingia kwenye ankara. Ankara ya Machi, ambayo mwenye duka anadhani imekwisha, bado ina shilingi 80,000, na tangu tarehe 31 Machi imepita tarehe yake.

Shilingi 80,000 ni kidogo, ila geuza ukurasa. Kifungu cha kukiuka mkataba kinasema: ankara yoyote ikipita tarehe yake, deni lote la mwenye duka, pamoja na lile ambalo siku zake hazijafika, litadaiwa mara moja, na msambazaji anaweza kusimamisha mzigo bila taarifa. Tarehe 8 Aprili mhasibu wa msambazaji anaona jina lenye deni lililochelewa. Kwa mujibu wa karatasi, mwenye duka anadaiwa leo shilingi 3,980,000: zile 80,000 asizozijua, na 3,900,000 ambazo alidhani ana mwezi mzima wa kuzitafuta. Sukari ya mzigo wa pili ndiyo kwanza imepangwa stoo.

Wasambazaji wengi hawatafanya hivyo kwa mteja mzuri. Watapiga simu, watazungumza. Lakini uhusiano ukiharibika, au afisa mauzo mnayeelewana akihamishwa, karatasi ndiyo itakayosema. Kwa hiyo omba mambo matatu katika kifungu hiki. Msambazaji atoe kwanza taarifa ya maandishi, akupe siku saba au 14 za kurekebisha. Deni dogo, tuseme chini ya asilimia 5 ya kiwango chako, lisitoshe kulifanya deni zima lidaiwe. Na malipo uliyoyaandikia namba ya ankara yaende kwenye ankara hiyo. Hilo la tatu likikubaliwa, likamilishe kwa mazoea: unapolipa kwa simu au benki, jaza namba ya ankara mahali pa kumbukumbu ya malipo, na hifadhi ujumbe.

Hapo hapo kuna kifungu cha taarifa ya hesabu. Msambazaji hutuma taarifa kila mwisho wa mwezi, na mkataba unasema usipoipinga ndani ya siku saba, itahesabiwa sahihi. Mwenye duka wetu angeifungua taarifa ya Machi na kuuliza tarehe 4 Aprili deni lake halisi ni kiasi gani siku hiyo, angeambiwa 1,680,000 na angelimaliza. Weka daftari lenye ankara, tarehe, malipo na salio, na ulilinganishe na taarifa yao siku ileile inapofika. Dai pia risiti ya EFD ya kila mauzo. Unaihitaji kwa TRA, na inathibitisha tarehe na kiasi cha ununuzi.

Mzigo wa nani, na hatari ya nani

Kifungu cha umiliki kinawashangaza wengi. Kinasema bidhaa zinabaki mali ya msambazaji hadi zilipwe. Sheria inaruhusu hivyo, kwa kuwa katika mauzo umiliki huhama pale pande mbili zilipokusudia uhame. Mwenye duka anaruhusiwa kuuza rejareja kama kawaida, lakini kilichobaki kwenye rafu kinaweza kuchukuliwa. Aina nyepesi ya kifungu inasema kila mzigo unakuwa wako ankara yake ikilipwa. Aina nzito inasema hakuna mzigo unaokuwa wako hadi deni lote, la ankara zote, liishe. Chini ya aina nzito, mwenye duka wetu mwenye shilingi 80,000 za Machi bado hamiliki hata sabuni aliyoilipia. Omba aina nyepesi.

Sentensi inayofuata humpa msambazaji ruhusa ya kuingia dukani na kuchukua bidhaa. Ikubali kwa masharti: taarifa ya siku kadhaa, saa za kazi, orodha inayoandikwa na kusainiwa na pande zote mbele ya shahidi, achukue bidhaa zake tu zinazoweza kutambulika, na thamani yake kwa bei ya ankara itolewe kwenye deni siku hiyo hiyo. Bila sharti la bei, bidhaa zinaweza kuondoka na deni likapungua kwa kiasi anachokitaka yeye.

Mzigo ukiwa bado wa msambazaji, ungedhani ukiungua hasara ni yake. Kwa kawaida ya sheria, hatari hufuata umiliki, isipokuwa pande zimekubaliana vingine. Mkataba huu ndio makubaliano hayo vingine: unasema hatari inahamia kwa mwenye duka mara mzigo unaposhushwa. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lilikumbusha kila mfanyabiashara jinsi bidhaa zinavyoweza kupotea kwa saa chache. Chini ya kifungu cha aina hii, bidhaa zikiteketea deni linabaki palepale. Kwa hiyo thamani ya bima ya moto na wizi ilingane na mzigo ulionao stoo, pamoja na ule wa mkopo. Uliza kampuni ya bima waziwazi kama inafidia bidhaa zilizo dukani kwako ambazo kisheria bado ni za mtu mwingine, na jibu liwe limeandikwa kwenye hati ya bima.

Mdhamini

Ukurasa wa mwisho una fomu ya dhamana, mara nyingi ikiwa na kichwa chake, na huwekwa saini kwa haraka kuliko zote. Hapa nataka msomaji atulie.

Kama duka lako limesajiliwa BRELA kwa jina la biashara tu, jua kwamba jina hilo halikutengi na deni. Wewe na duka ni mtu mmoja mbele ya sheria, na mali yako binafsi inaweza kufuatwa hata bila fomu ya dhamana. Kama duka ni kampuni, kampuni ni mtu mwingine, na mkurugenzi kwa kawaida halipi madeni yake. Fomu ya dhamana binafsi ndiyo inayoondoa kinga hiyo. Mtu aliyegharimika kusajili kampuni kisha akasaini dhamana isiyo na kikomo amebaki na gharama za kampuni bila faida yake kubwa.

Zaidi ni pale anapoitwa mume, mke, kaka au shemeji kuwa mdhamini “kwa utaratibu tu”. Si utaratibu tu. Kwa Sheria ya Mikataba, dhima ya mdhamini ni sawa na ya mdaiwa, isipokuwa mkataba umesema vingine. Msambazaji halazimiki kumaliza kwanza kukudai wewe ndipo amfuate yeye. Anaweza kuanza na mwenye mshahara au kiwanja. Na dhamana hizi huandikwa kuwa endelevu: hazihusu mzigo wa kwanza pekee, zinaendelea na kila mzigo utakaochukuliwa, hata kiwango kikipandishwa kutoka milioni 5 hadi 20 bila mdhamini kuambiwa.

Mambo ya kuomba ni haya. Dhamana itaje kiasi cha juu kabisa kwa tarakimu na kwa maneno. Kiwango kikiongezwa, mdhamini asaini upya. Mdhamini awe na haki ya kujitoa kwa taarifa ya maandishi kwa mizigo ijayo, akibaki na deni lililokuwepo siku ya taarifa. Na kama nyumba inatajwa kuwa rehani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya wanandoa: mmoja hawezi kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mke au mume asiweke saini ya ridhaa barazani huku dereva akisubiri. Aende kwanza kwa wakili, hata kama ni kwa ushauri wa nusu saa.

Yaliyobaki

Vifungu vya mwisho ni vifupi. Kuvunja mkataba: kila upande hutoa taarifa, kwa kawaida siku 30, na angalia kama deni lote linadaiwa siku ya taarifa au kila ankara inabaki na tarehe yake. Anwani ya taarifa: ukihama duka au ukibadili namba, toa habari kwa maandishi, maana taarifa iliyopelekwa kwenye anwani ya zamani huhesabiwa kuwa imekufikia. Mahali pa kesi: ikiwa imeandikwa mahakama za Dar es Salaam, mtu wa Morogoro atasafiri kama kilomita 190 kila shauri linapotajwa, hivyo omba pawe pale duka lilipo. Ukomo wa kudai: deni la mkataba linaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka sita, kwa hiyo usitupe karatasi kwa sababu mwaka umeisha.

Kuhusu lugha, saini yako inakufunga hata kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza usichokielewa. Kuomba nakala ya Kiswahili si kujidhalilisha. Lakini iwe na sentensi inayosema zikitofautiana, ipi itafuatwa, maana tafsiri isiyo na nguvu ni ya kusoma tu.

Mabadiliko yote mliyokubaliana yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe au kwenye nyongeza iliyosainiwa. Karibu kila mkataba una kifungu kinachosema maneno ya mdomo ya afisa mauzo hayahesabiki. Kila badiliko la kalamu liwe na saini fupi ya pande zote mbili pembeni. Hakikisha ushuru wa stempu umelipwa, kwa sababu hati inayotakiwa kuwa na stempu ikikosa, haipokelewi kuwa ushahidi hadi ushuru na faini vilipwe. Na usikubali kuambiwa nakala yako itafuata baadaye kutoka ofisi kuu. Ibaki mkononi mwako, yenye saini zote, kabla gari la kwanza halijashusha mfuko wowote.